Tili Yako, Pesa ya Mtu: Hotuba kwa Wafanyabiashara wa Malindi

Bwana mwenyekiti, wazee wetu, kina mama wa soko, vijana wa maduka ya simu na ndugu zangu nyote, assalamu alaykum na habari za jioni.

Nimeombwa niseme juu ya utapeli wa pesa za simu. Sura zake nyingi mnazijua kunishinda mimi. Meseji bandia ya M-Pesa mmeshaiona, yule anayepiga simu akidai umeshinda zawadi mmeshamsikia, na anayeomba namba yako ya siri hampati tena mtu hapa. Hizo naziacha, kwa sababu katika hizo wewe ndiwe unayeibiwa. Nataka tuzungumze juu ya hali nyingine: hukuibiwa hata senti moja, umeuza mali yako, umelipwa, umepata faida, halafu baada ya majuma machache unasimama kizimbani ukisomewa mashtaka ya kutakatisha pesa. Mimi ni wakili, na watu wa namna hii nawaona. Wengi si wezi. Ni watu wa maduka, wana watoto shuleni, na mpaka siku wanakamatwa hawakujua kwamba walikuwa wameingia katika jambo lolote.

Ili nisimtaje mtu, nitatunga duka. Liko hapa Malindi, karibu na soko, linauza leso, madera na manukato. Mwenye duka ni mama, ana tili ya Lipa na M-Pesa yenye jina lake, na ana msichana anayemsaidia.

Siku ya kwanza anapigiwa simu. Mtu ana sauti nzuri, anajitambulisha kuwa ana harusi Lamu na anataka leso na madera ya sare ya kina mama. Wanapatana bei, shilingi 38,500. Baada ya dakika chache pesa inaingia kwenye tili, na inaingia kweli, salio linaonekana. Lakini iliyoingia ni 58,500. Mteja anapiga tena, ameshtuka: "Dada yangu, nimekosea, nimezidisha elfu ishirini. Tafadhali nirudishie, lakini usitume kwenye namba hii, hii ni ya shangazi. Tuma kwa namba ya ndugu yangu, yuko kwenye foleni ya kulipia ukumbi." Mama anatuma 20,000 kwa namba aliyopewa. Jioni kijana wa bodaboda anakuja, anachukua mzigo, anaondoka.

Sasa tuangalie upande wa pili, ambao mama haoni. Asubuhi ile ile, mwalimu mmoja mstaafu huko Machakos simu yake ilikosa mtandao. Alidhani ni hitilafu ya kawaida. Kumbe kuna mtu aliyefanikiwa kuihamisha namba yake kwenye laini mpya, akaingia kwenye M-Pesa yake, akaanza kuitoa pesa. Ile 58,500 ilitoka kwa mwalimu. "Shangazi" ndiye yeye.

Mwizi ana shida moja kubwa, nayo ndiyo inayomleta kwako. Laini aliyoiteka haitadumu. Mwenyewe akishagundua, ataifunga siku hiyo hiyo. Akizituma pesa kwenye laini nyingine, kila hatua inaacha ujumbe wenye namba ya muamala, saa na jina. Akienda kwa ajenti kutoa, ajenti anatakiwa aone kitambulisho, aandike kitabuni, na mteja atie sahihi. Kwa hiyo anatafuta mahali ambapo pesa ya simu inageuka kuwa kitu kingine bila kitambulisho na bila kitabu. Mahali hapo ni duka. Leso zikishapanda bodaboda hazina namba ya muamala. Noti zikishatoka kwenye droo yako hazina jina la mtu. Ni kama nyayo za mtu ufukweni: unazifuata vizuri, unafika penye maji, zinakatika. Na pale zilipokatikia, umesimama wewe.

Ndiyo maana upelelezi ukianza, haumpati mwizi kwanza. Mwalimu anakwenda kituoni, anaandikishwa kwenye kitabu cha OB. Mpelelezi anapata amri ya mahakama, kampuni ya simu inatoa orodha ya miamala na majina ya wenye namba. Namba ya "ndugu yangu" imesajiliwa kwa kitambulisho cha kizee fulani wa kijijini ambaye hajui kama ana laini hiyo, au kijana aliyesajili laini kwa kitambulisho chake akaiuza kwa shilingi mia chache. Ile namba iliyoagiza mzigo imezimwa tangu siku ile. Katika mnyororo wote, mwenye jina la kweli, duka la kweli na mlango unaofunguliwa kila asubuhi ni huyu mama. Anayeshikwa ni yule anayepatikana.

Hapo bado mama ana njia. Tusimame kidogo, kwa maana hapa ndipo watu huchanganyikiwa.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Mapato ya Uhalifu na Kuzuia Utakatishaji wa Pesa ya mwaka 2009. Haimshiki tu aliyejua kwamba pesa ni ya wizi. Inamshika pia mtu ambaye, kwa mazingira aliyokuwamo, alipaswa kujua. Adhabu ya juu kwa mtu binafsi ni kifungo cha miaka 14, au faini ya hadi shilingi milioni 5 au thamani ya mali yenyewe ikiwa ni kubwa zaidi, au vyote viwili. Kwa hiyo kusema "sikujua" hakumalizi shauri. Swali la pili linafuata papo hapo: ulikuwa na sababu gani ya kutojua?

Kwa zile 38,500, mama ana jibu. Aliuza mali yake kwa bei ya dukani, bei anayomuuzia kila mtu. Leso zilikuwapo, zilinunuliwa kwa risiti, zikatoka. Duka halina wajibu wa kumuuliza kila mteja pesa yake imetoka wapi. Mtu akija na noti ya elfu moja kununua manukato, humuulizi mshahara wake.

Zile 20,000 ni shauri jingine. Pesa ilitoka kwenye namba moja ikarudishwa kwenye namba nyingine. Jina lililokuja na malipo halikuwa la aliyekuwa akizungumza, na mama aliliona kwenye ujumbe. Mwendesha mashtaka atauliza: kama ni pesa ya shangazi, mbona hukumrudishia shangazi? Jibu la "nilimwamini" linaweza kukubaliwa, hasa ikiwa ni mara moja na mama hakubaki na chochote katika hiyo 20,000. Lakini tayari ameanza kujieleza.

Lau mambo yangeishia hapo, yamkini mama angeitwa kuwa shahidi. Hayaishii hapo. Mtapeli akishapata duka linalopokea, linalorudisha na lisilouliza, hataliacha.

Baada ya wiki moja anapiga tena. Harusi ilifana, anashukuru, anatuma salamu. Sasa ana shida ndogo. Anauza mbao, wateja wake wanataka kumlipa, lakini laini yake imejaa. Maneno haya yana ladha ya ukweli, kwa sababu tangu mwaka 2023 akaunti ya M-Pesa haishiki zaidi ya shilingi 500,000, na muamala mmoja hauzidi 250,000. Hapa Malindi husema pia kwamba ana rafiki Mtaliano anayemtumia pesa na laini yake haipokei. Ombi lake ni dogo: wateja walipe kwenye tili ya mama, mama ampe kijana wake noti mkononi, na kwa usumbufu akate elfu tatu.

Inaingia 90,000. Mama anampa kijana 87,000. Kesho yake inaingia 120,000 kwa mafungu mawili, kutoka kwa majina mawili tofauti. Anatoa 116,000, anabaki na 4,000. Kwa siku mbili amepata shilingi 7,000 bila kuuza hata kitambaa cha kichwa.

Ndugu zangu, hapa mama ametoka kwenye uuzaji. Hakuna leso iliyotoka dukani. Alichokiuza ni jina lake na tili yake. Amefanya kazi ya ajenti bila kuwa ajenti, bila kitambulisho na bila kitabu, na amelipwa kwa hiyo. Mahakama haihitaji mtapeli apatikane ndipo iulize: mtu mwenye mbao za kuuza anashindwaje kuwa na tili yake mwenyewe, na anakubali vipi kupoteza elfu saba ili apate pesa ambayo angeitoa kwa ajenti kwa ada ya mamia ya shilingi? Ada ile kubwa ndiyo inayomkaanga mshtakiwa. Nimeona watu wakijitetea vizuri juu ya kila kitu, kisha wakafika kwenye elfu tatu wakanyamaza.

Hati ya mashtaka ikisomwa, mara nyingi huanza hivi: "wewe, pamoja na wengine ambao hawako mahakamani." Maneno hayo huwaumiza sana familia, maana yanaonyesha kwamba ana genge. Kisha hutajwa kula njama ya kulaghai, wizi, na kupokea au kumiliki mapato ya uhalifu, na kiasi kinachotajwa ni chote: 58,500 na 210,000, jumla 268,500. Mama atasema yeye alipata 7,000 tu na faida ya leso. Hati haihesabu ulichobaki nacho. Inahesabu kilichopita mikononi mwako.

Shitaka la njama ni lazima lithibitishwe kwamba mlikubaliana kutenda uovu, na mara nyingi hapo upande wa mashtaka hupata taabu. Lile la kumiliki mapato ya uhalifu ndilo zito, kwa sababu ya ile "alipaswa kujua".

Kabla ya kufika huko, mnaweza kufanya nini dukani? Nitasema machache ambayo nimeona yakimwokoa mtu.

Pesa ikizidi, irudi ilikotoka, si kwingine. Usiitume kwa namba unayotajiwa kwenye simu, hata akilia. Mwambie aliyelipa aupeleke mwenyewe ujumbe wake wa M-Pesa kwa 456 aombe kurudishiwa, au wewe wasiliana na kampuni ya simu uwaeleze. Mwenye pesa halali atanung'unika kwa sababu umemchelewesha, lakini hatapungukiwa na kitu. Mtapeli atakataa kabisa, kwa sababu ikirudi kwenye laini ya mwalimu, inarudi kwa mwalimu. Kukataa kwake ndiko kunakomfichua, na hakukugharimu chochote kumjaribu.

Lakini wala usikae nayo kimya. Wapo wanaosema, "Basi nikiogopa kuirudisha, nitaiacha hapo hapo." Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 imelifanya kuwa kosa kuzuia kwa makusudi malipo yaliyokufikia kimakosa. Faini yake inafika shilingi 200,000 au kifungo cha miaka miwili, au vyote. Andika tarehe, kiasi na namba ya muamala, toa taarifa, usiitumie.

Kwa agizo kubwa la simu kutoka kwa mtu usiyemjua, linganisha jina lililolipa na jina la anayezungumza. Yakitofautiana si lazima kuna ubaya, sisi watu wa Pwani tunatumiana simu ya mama na ya shemeji kila siku. Lakini piga ile namba iliyolipa, uongee na mwenye jina, kabla mzigo haujatoka. Laini iliyotekwa kwa kawaida haipokei simu, au inapokea sauti ile ile uliyokuwa ukiongea nayo. Na mzigo ukitoka, uandike risiti yenye vitu vilivyotoka, namba ya pikipiki na jina la aliyeubeba, na upige picha. Risiti ya namna hiyo ndiyo iliyoifanya ile 38,500 kuwa biashara mbele ya hakimu. Mwenye duka asiye na daftari anabaki na maneno yake tu.

Kuhusu kuazima tili, sina ushauri wa namna ya kuifanya kwa usalama. Haifanyiki. Hata kwa binamu. Ukitaka kumsaidia binamu, mpeleke kwa ajenti akatoe kwa kitambulisho chake.

Naomba pia muwaambie wasaidizi wenu. Yule msichana wa duka ndiye anayepokea simu mchana wakati mama yuko kwa mkunga au sokoni. Anaweza kuitoa ile 87,000 kwa nia njema kabisa, na tili ikawa na jina la mama. Kila anayeshika simu ya duka ajue kwamba noti hazitoki bila bidhaa kutoka.

Baada ya hotuba kulikuwa na maswali. Naweka mawili, kwa sababu majibu yake ndiyo yaliyonichukua muda.

Mzee mmoja muuza vifaa vya uvuvi aliuliza: "Wakili, askari wakinijia na kuniambia nimrudishie huyo mwalimu pesa yake yaishe, nifanye nini? Nikatae kumsaidia mtu aliyeibiwa?"

Nilimjibu kwamba moyo huo ni mzuri, na mara nyingine kumfidia aliyeibiwa ndiyo haki na hata hupunguza uzito wa shauri. Ila isifanyike kituoni, kwa noti, bila karatasi, usiku. Ukilipa namna hiyo, kesho itasemwa kwamba ulikiri, na huna ushahidi kwamba mlalamikaji alipokea. Lipa kupitia wakili, kwa maandishi yanayosema kwamba unalipa bila kukiri kosa, na mwenye pesa atie sahihi. Nilimwambia pia kwamba kulipa hakufuti shauri lenyewe. Mlalamikaji anaweza kuomba kuliondoa, lakini anayeamua ni mahakama.

Nikaongeza yale ambayo Katiba ya 2010 imempa kila aliyekamatwa, katika kifungu cha 49: kuambiwa sababu ya kukamatwa, kunyamaza, kuzungumza na wakili, kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 au, saa hizo zikiishia wakati mahakama imefungwa, siku ya mahakama inayofuata, na kupewa dhamana kwa masharti yanayofaa isipokuwa kuna sababu nzito ya kuikataa. Kunyamaza si kiburi. Toa jina lako na kitambulisho, uwe na adabu, usikimbie, na maelezo ya pesa uyatoe wakili wako akiwapo. Watu wetu huharibu shauri usiku ule wa kwanza, kwa hofu, wakitunga maelezo matatu tofauti, na yote matatu yanaandikwa.

Swali la pili lilitoka kwa kijana wa duka la simu: "Je, nikishaona mambo yameharibika, nifute zile meseji?"

Hapana, mwanangu. Kampuni ya simu inayo orodha ya miamala hata ukifuta. Kinachopotea ni kile ambacho wewe peke yako unacho: mazungumzo ya WhatsApp ambamo mteja aliagiza leso, ile sauti aliyokutumia akisema amezidisha pesa, picha ya mzigo kwenye pikipiki. Hayo ndiyo yanayoonyesha kwamba ulidanganywa. Ukiyafuta, utabaki na orodha inayoonyesha pesa ikiingia na kutoka bila sababu.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kupiga picha ya kioo cha simu na kuichapisha hakutoshi mahakamani. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka nakala ya kielektroniki iambatane na cheti kinachoeleza kifaa kilichotumika na namna nakala ilivyotolewa. Kwa hiyo simu yenyewe usiiuze, usiifute upya, usimpe mtoto achezee. Itoe stetimenti ya M-Pesa na ya tili kwa kipindi chote, si kwa siku ile tu. Stetimenti ya mwaka mzima inaonyesha duka linaloingiza elfu tatu hapa na elfu tano pale, mauzo ya kawaida, na katikati yake malipo machache yasiyofanana na mengine. Ukija kwa wakili, njoo na hiyo, na daftari la mauzo, na simu ikiwa na chaji.